Kamati ya Filamu ya Oliva

Kila bajeti ya harusi mjini Newala ina mstari wake wa mwisho, na mstari huo huandikwa "picha na video". Unakuja baada ya pilau, baada ya soda, baada ya mapambo na matarumbeta, baada ya sare za wanakamati, na hata baada ya nauli ya shangazi anayetoka Lindi na vikapu vitatu. Kinachobaki chini kabisa, kama ukoko kwenye sufuria, ndicho kilichomlisha Oliva kwa miaka tisa.

Alikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja, kamera moja nzuri, nyingine mbovu, na chumba cha mbele katika nyumba ya mama yake, Severina, alichokipaka rangi ya samawati na kukiita studio. Desemba, shule zikifungwa na wali, watoto waliokuwa wakifundwa, wakitolewa unyagoni, alikuwa hana muda hata wa kunywa uji. Siku wali wanapotoka na nguo mpya, miavuli ikiwafunika, ndugu wakiwabandika noti kwenye paji la uso, kila familia ilitaka mtoto wake abaki kwenye video. Ikifika Februari, fedha za korosho zikishakuwa mabati na pikipiki, alikaa mlangoni akisubiri mtu aje kupiga picha ya pasipoti. Machi walikuwa wanakuja wawili kwa wiki, na mmoja wao alikopa.

Lakini ndani ya sanduku la nguo, chini ya kitenge cha Pasaka, alikuwa na muswada wa filamu. Uliitwa Ghala Namba Tatu, na ulihusu karani wa korosho aliyegundua kwamba nusu ya magunia ghalani yamejazwa mchanga. Alikuwa ameuandika mara nne. Alijua pa kuweka kamera katika kila tukio, alijua waigizaji, alijua hata mbwa atakayebweka. Alichokosa ni milioni nne.

Si kwamba hakuhangaika. Mkopo wa vijana wa halmashauri ulitaka kikundi, akaunda kikundi cha watano. Kabla fomu hazijakamilika wawili wakaolewa, mmoja akahamia Tunduru kutafuta madini, na yule wa nne akataka kikundi kibadilishe shughuli kiwe cha kufuga kuku wa mayai, kwa kuwa kuku, alisema, hahitaji kujifunza kuigiza. Kwenye mtandao alikuwa na wafuatiliaji mia sita na kitu, na mtandao hauanzi kugawa fedha za matangazo mpaka wafike elfu moja na saa za kutazamwa zitimie maelfu. Kwa mwendo aliokuwa nao, alipiga hesabu akaona atalipwa mara ya kwanza akiwa na miaka arobaini na nne.

Aliyepata njia ni mama yake, tena akiwa anapepeta mchele. Severina alimwambia kwamba tangu baba yake Oliva afariki, yeye peke yake amechangia harusi sitini na tatu, ngoma za unyago asizozihesabu, na kipaimara cha watoto ambao sasa wana watoto. Amechangia watu walioachana kabla hajamaliza kulipa ahadi. Na katika miaka yote hiyo mlangoni kwake haijatoka kadi hata moja kwenda kwa watu, kwa sababu binti yake haolewi.

"Sikulazimishi kuolewa, mwanangu," alisema, akipuliza makapi. "Ila michango yangu iko kwa watu. Wewe hutaki bwana, unataka filamu. Basi filamu ndiyo bwana harusi. Tutoe kadi."

Oliva alicheka. Mama yake hakucheka.

Jambo kama hilo haliwezi kwenda bila mjomba. Mzee Dunstan, kaka yake Severina, alikuwa amestaafu uafisa elimu kata, na tangu astaafu alikuwa mwenyekiti. Ukiuliza mwenyekiti wa nini, ungekaa siku nzima ukisikiliza: wa kamati za harusi, wa kamati ya choo cha zahanati, wa kamati ya kufuatilia kamati ya maji. Alitembea na faili la kijani lenye kamba, na ndani yake mlikuwa na fomu za mahudhurio zisizoandikwa kitu, maana hujui kikao kitakukuta wapi. Kwa Wamakonde mjomba ndiye mwenye neno juu ya mtoto wa dada yake, na Mzee Dunstan alikuwa na neno hata pale lisipohitajika.

Alimsikiliza dada yake hadi mwisho, akanywa chai, akaomba nyingine. Kisha akamgeukia Oliva na kusema anakubali kuongoza kamati, lakini kwa sharti. Mwenyekiti wa chama cha msingi cha korosho ni rafiki yake, na alikuwa amemwekea Oliva nafasi ya karani wa mizani. Angeitunza kwa mwaka mmoja tu.

"Nakupa msimu huu na miezi inayofuata," alisema. "Septemba ya mwakani nitakuja hapa hapa nikuulize kama una kazi ya kudumu. Kama huna, kamera zinauzwa, na Oktoba unakwenda mizani. Mimi ni mjomba wako, siwezi kukuacha uzeeke ukipiga picha vichwa vya watu."

Oliva alitaka kumwambia kwamba karani wa mizani hufanya kazi kuanzia Oktoba mnada unapofunguliwa hadi korosho zinapokwisha, miezi mitatu ikizidi sana minne, kisha anarudi nyumbani kungoja mwaka mwingine. Na kwamba miezi yenyewe ndiyo ile ile ya harusi na unyago. Yaani angeacha kazi ya msimu kwenda kwenye kazi ya msimu, na zote zikutane Desemba. Lakini mizani ina ofisi, ofisi ina mhuri, na mbele ya mhuri mjomba hakuwa na masikio. Akasema, "Nimekubali, mjomba," ingawa alikuwa hajawahi kuweka kamera zake rehani kwa maneno.

Kadi zilichapishwa Agosti, za rangi ya dhahabu, zenye njiwa wawili, kwa sababu duka la kadi lilikuwa na njiwa tu. "Familia ya Bi. Severina inayo furaha kukuomba mchango wako wa hali na mali kufanikisha FILAMU ya binti yao mpendwa Oliva." Chini palikuwa na nafasi ya ahadi. Watu walizipokea bila kuuliza mengi. Wengine walimpongeza na kumuuliza huyo kijana Filamu ni wa ukoo gani wa Kitangari. Lakini wote waliahidi, kwa maana wote walimjua Severina na kumbukumbu yake. Ahadi nyingi ziliandikwa "baada ya mnada wa pili", na mnada wa pili ulipopita na fedha za wakulima kuingia benki, zililipwa. Zilifika milioni tano na laki nne.

Oliva alikaa siku mbili kama mtu aliyeota ndoto nzuri na anaogopa kugeuka upande wa pili. Siku ya tatu kamati ikakaa kupanga matumizi.

Walikuwa kumi na wanane, barazani kwa Severina, kila mmoja na soda. Mjomba alifungua faili la kijani, akavaa miwani, akasoma bajeti kwa sauti ya kusomea matokeo ya darasa la saba. Pilau na nyama, milioni moja na laki tisa. Ukumbi na mapambo, laki tisa. Vinywaji, laki nane. Mshereheshaji na matarumbeta, laki saba. Sare za kamati, laki nne, rangi ya maziwa na kahawia. Dharura, laki mbili na nusu. Usafiri wa mgeni rasmi, laki moja na nusu, ingawa mgeni rasmi alikuwa diwani na nyumba yake ilikuwa inaonekana kutoka hapo barazani.

Oliva alisubiri. Mjomba akageuza karatasi.

"Picha na video," alisoma, "laki tatu."

Kikao kikapiga makofi kwamba bajeti imefunga bila shilingi kubaki.

Oliva aliinua mkono. Alieleza taratibu, kama anayemwelekeza mtoto barabara, kwamba kinachochangiwa hapa ndiyo hiyo video. Kwamba shughuli haipo. Filamu ndiyo shughuli. Taa, sauti, waigizaji, mafuta ya kwenda machimboni kuleta mchanga, vyote viko kwenye mstari ule wa mwisho.

Watu walimtazama kwa huruma. Mama mmoja wa kanisani aliyeitwa Priska, ambaye ndiye mpishi wa shughuli zote kubwa za Newala na pilau la milioni moja na laki tisa lilikuwa lake, akamwambia kwa upole kwamba yeye amechangia elfu hamsini, na hajawahi kuona mtu anachangia elfu hamsini halafu anarudi nyumbani na njaa. Mwingine akasema watu wameshashona. Mjomba akavua miwani.

"Mpwa wangu, mtu hachangii kitu. Mtu anachangia siku. Tukiwaambia hakuna siku, hizi fedha tutazirudisha kwa uso gani? Na mama yako atachangia nani tena hapa mjini?"

Kwenye hoja ya mwisho Severina mwenyewe aliinamisha kichwa, na Oliva akajua ameshindwa. Kikao kikaahirishwa kwa sala, na soda zilizobaki zikaondoka na wajumbe.

Kesho yake alikwenda kumtafuta Khalfan. Khalfan alikuwa mshereheshaji, MC wa Newala, Tandahimba na nusu ya Masasi, mwanamume mwembamba mwenye suti nne na sauti ya mtu mnene. Alikuwa ndiye msanii pekee katika wilaya ile aliyejenga nyumba ya matofali kwa sanaa yake, na Oliva alitaka kujua siri. Khalfan alimwambia siri haipo. Yeye hulipwa nusu siku ya kupewa kazi na nusu kabla hajashika kipaza sauti. Msanii anayengoja kulipwa baada ya watu kula, alisema, ameshalipwa pilau. Tena kila Januari hadi Machi, harusi zinapokauka, huenda Masasi kuendesha mikutano ya matangazo ya maduka na mahafali ya vyuo, kazi asizozipenda, ili Aprili asije akakubali harusi kwa bei ya njaa.

Oliva alimweleza kilio chake. Khalfan alisikiliza huku akipiga kiatu brashi.

"Hebu ngoja," alisema. "Una ukumbi uliopambwa. Una watu mia mbili wamevaa, wamesuka, wamejipaka manukato. Una matarumbeta, chakula, mgeni rasmi, na mimi. Wewe uliyesomea mambo ya filamu kwenye simu, niambie, wenzako wanalipa kiasi gani kupata hayo?"

Oliva alikuwa ameshaanza kuhesabu kamera ziwekwe wapi.

Muswada wa Ghala Namba Tatu ulirudi chini ya kitenge cha Pasaka. Aliketi mezani siku kumi na moja akaandika mwingine, wa harusi yenye kamati iliyokamilisha kila kitu, isipokuwa bwana harusi, ambaye hakuna mjumbe aliyepewa jukumu la kumleta. Aliutuma Bodi ya Filamu pamoja na ada, na kibali kilitoka siku tisa kabla ya shughuli. Katika laki tatu zake, ada na nauli zilichukua sehemu, vipaza sauti viwili vya kubana kwenye nguo vikachukua sehemu, na zilizobaki akawagawia wanne waliokuwa na maneno ya kusema. Wote aliwaandikia mkataba wa ukurasa mmoja. Khalfan alitaka nusu kabla, akapewa. Mjomba, aliyeombwa kuigiza mwenyekiti wa kamati, alisaini elfu thelathini bila kusoma, akasema kitu pekee anachoomba ni kwamba hotuba yake isikatwe.

Shughuli ilifanyika Jumamosi ya mwisho wa Novemba. Mlangoni Khalfan alitangaza kwamba leo si harusi, ni filamu, na kila anayeingia atasaini karatasi ya kukubali kuonekana. Hakuna aliyegoma. Foleni ilikwenda hadi barabarani, na watu watatu waliokuwa wanapita kwenda sokoni walisaini pia, wakaingia na makapu yao.

Kazi ilikuwa ngumu kuliko alivyofikiri. Kila alipoelekeza kamera, watu walinyamaza na kuketi wima kama wanapigwa picha ya kitambulisho. Akina mama wa sare za kahawia walimpungia mkono. Diwani alipoigiza kushtuka, alishika kifua kwa namna ambayo muuguzi mmoja alinyanyuka. Hotuba ya mjomba ilichukua dakika arobaini na mbili, na ndani yake alizungumzia maadili, bei ya salfa ya kupulizia mikorosho, na umuhimu wa kuwahi vikao.

Hatimaye likaja tukio kubwa. Katika muswada Khalfan anapanda jukwaani na kutangaza kwamba bwana harusi hayupo na hatakuja, ukumbi unazizima, sahani zinaanguka, wanawake wanalia. Oliva alikuwa amewaeleza wote namna ya kushtuka, akawafanyisha mazoezi mara mbili. Lakini sahani za pilau zilikuwa zimetangulia kufika mezani. Khalfan akatangaza. Mia mbili wakamtazama, wakatafuna. Kisha mzee mmoja aliyetoka kijiji cha Mkunya akauliza, kwa sauti ya kawaida, mdomo ukiwa na wali, "Keki itakatwa lakini?"

Khalfan, kwa uzoefu wake, akajibu itakatwa. Ukumbi ukapumua, ukaendelea kula.

Oliva nyuma ya kamera aliona kazi yake ya miezi yote ile inatafunwa na kumezwa. Alitaka kusema rudieni. Alitazama kioo cha kamera tena: nyuso mia mbili zilizotulia, mafuta midomoni, na juu yao kiti cha bwana harusi kilichopambwa kwa maua, kitupu, ambacho hakuna aliyekiangalia. Hakusema rudieni. Aliiacha kamera iendelee kurekodi mpaka mzee wa Mkunya alipoomba kuongezwa nyama.

Desemba alipiga video za unyago kama kawaida, wali tisa. Januari hadi Machi, wakati alipozoea kukaa mlangoni, alikata na kuunganisha filamu. Mchana alifanya kazi ambayo Khalfan alimtafutia Masasi, ya kupiga picha za mahafali, wiki mbili huku, wiki moja kule, asiyoipenda hata kidogo. Hotuba ya mjomba ilibaki dakika mbili, zile za salfa.

Filamu ilipokaguliwa na kupewa daraja la kutazamwa na watu wote, akaisajili hakimiliki, na hapo mji mzima ukaanza kumjia na flashi. Kila aliyemo alitaka nakala. Oliva alikataa. Alijua flashi moja ikitoka leo, kesho imezaa kijiji kizima, na kesho kutwa inaonyeshwa kwenye vibanda vya Tandahimba kwa shilingi mia mbili ambazo yeye hatazinusa. Alimkatalia diwani. Alimkatalia Priska. Mjomba alikuja mwenyewe na flashi aliyoifunga kwenye leso, akasema mwenyekiti hawezi kukata tiketi kama raia. Oliva alimwambia, "Shikamoo mjomba, tiketi ni elfu mbili," na mjomba akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliyemeza mfupa.

Mwaka ule Idd na Pasaka zilifuatana kwa wiki chache. Alionyesha Idd pili, saa tisa alasiri, madirisha ya ukumbi yakiwa yamezibwa kwa mablanketi ya Severina. Watu waliomo walikuja, na kila mmoja alileta watu wa kumshuhudia. Walipojiona, walipiga kelele. Walipofika pale penye pilau na kiti kitupu, walicheka hadi baadhi yao wakatoka nje kushika ukuta. Walicheka sana, wakacheka tena, halafu kicheko kikaanza kupungua taratibu kutoka viti vya mbele, walipokaa wanakamati. Mzee wa Mkunya alisimama akasema yule si yeye, amefanana naye. Pasaka alikuja tena, akalipa.

Akaonyesha Kitangari, Mkunya, Tandahimba mara moja, Masasi mara mbili, zote Jumamosi za mwisho wa mwezi, walimu na wauguzi wakiwa wameshapata mishahara. Ukumbi ulichukua chake, jenereta likachukua chake, gari likachukua chake. Baada ya mzunguko ndipo alipouza nakala, kwa bei yake. Hakutajirika. Lakini familia tatu zilimfuata zikitaka video ya harusi iliyotengenezwa "kama ile", na alipowatajia bei, na kwamba nusu inalipwa kabla, walinung'unika, wakalipa.

Fedha hizo hazikumlevya. Alikuwa ameshaona mara nyingi Desemba inavyokula Machi. Tangu tiketi za kwanza alifungua akaunti pembeni, zote zikaingia humo, na kutoka humo akajitolea kiasi kimoja kila tarehe ishirini na tano, laki mbili na nusu, mwezi uwe wa korosho au wa njaa. Akajiandikisha pia katika mfuko wa hifadhi ya jamii kama mtu aliyejiajiri, akawa anapeleka mchango wake kila mwezi. Kuna miezi alitamani kujiongezea. Alijinyima, akajikasirikia, kama mwajiriwa yeyote.

Mwisho wa Septemba mjomba alikuja, faili la kijani kwapani. Severina alileta chai. Mjomba alisema mwenyekiti wa chama cha msingi anataka jibu, mizani imeshapakwa mafuta, na yeye amekuja kuuliza alichosema atauliza. Oliva alianza kueleza mahesabu ya tiketi, mahafali na harusi. Mjomba alimsikiliza kwa uso wa mtu anayeambiwa habari za mvua ya nchi nyingine.

"Hizo ni fedha," alisema. "Sikuuliza fedha. Nimeuliza kazi. Mwisho wa mwezi nani anakulipa?"

Oliva aliinuka, akaingia studio. Akarudi na karatasi sita alizozichapa mwenyewe, moja kwa kila mwezi tangu Aprili. Juu jina la studio. Chini yake jina la mtumishi, cheo, mshahara ghafi, makato ya hifadhi ya jamii, malipo halisi, tarehe ishirini na tano. Mwisho kabisa, kwenye kona, mhuri wa duara wa bluu uliomgharimu elfu ishirini na tano kwa mchonga mihuri wa Masasi.

Mjomba alivaa miwani. Alisoma ya kwanza, ya pili, akapitisha kidole juu ya mhuri. Akauliza makato yanafika huko au yanaishia kwenye karatasi. Oliva akamwonyesha stakabadhi. Akauliza likizo. Oliva akasema Februari, wiki mbili. Severina, aliyekuwa amesimama na birika, alikuwa hamimini.

"Na huyu mwajiri," mjomba alisema mwishowe, akishusha sauti kama mtu anayeulizia nyumba ya wakubwa, "ni mtu wa namna gani?"

"Mbahili," Oliva alisema. "Lakini hajawahi kuchelewesha."

Mjomba alitikisa kichwa kwa heshima. Alisema atamwarifu mwenyekiti kwamba mpwa wake ameshaajiriwa, nafasi ya mizani wampe mwingine. Alikunywa chai yake yote, akaomba nyingine. Alizungumza habari za jua, za korosho kuchanua vizuri, za watu wa Masasi wanaomsimamisha stendi na kumwomba arudie yale maneno ya salfa. Jana kijana mmoja alimlipia soda kwa sababu hiyo. Pensheni, alisema, si mbaya, ila haisimamishi mtu stendi.

Kisha akafungua faili la kijani, akatoa karatasi nyeupe, akaiweka juu ya goti na kuinyoosha kwa kiganja.

"Hapo kwenu," aliuliza, "barua ya maombi inaandikwa kwa nani?"

Oliva akamtajia anwani. Mjomba akaandika, akafikiri, akafuta neno moja, akauliza kama uzoefu wa dakika arobaini na mbili anaweza kuuweka wote, au ni zile mbili tu.